Nne ya Fimbo na Kumi ya Vikombe kwenye swali la harusi: nimjibu nini mama?

UaLaJioni

Wakuu, habari zenu. Naleta mpangilio wangu hapa kwa sababu nimeukalia siku tatu na bado haujanitoka kichwani.

Mdogo wangu wa kike anaolewa wiki tano zijazo. Baba yetu na baba mdogo mwaka wa sita huu hawasemeshani. Waligombania nyumba aliyoacha babu, yakatoka maneno mazito, na tangu hapo tukiwa na jambo lolote anaalikwa mmoja tu kati yao. Safari hii bibi harusi amesema anawataka wote wawili. Mama akaniomba nimtazamie. Swali lake nililiandika kama alivyolitamka: "Je, harusi hii itaturudisha pamoja kama familia?"

Natumia karata za taroti za Waite, zile zilizochorwa na Pamela Colman Smith mwaka 1909. Nilipanga tatu kwenye mstari mmoja, na kazi ya kila nafasi niliitaja kabla sijachanganya. Ya kwanza ni siku yenyewe, ya pili ni kinachosimama katikati yetu, ya tatu ni kitakachobaki wageni wakishaondoka. Zikatoka hivi:

Nafasi ya 1: Nne ya Fimbo, imesimama.
Nafasi ya 2: Tano ya Panga, imesimama.
Nafasi ya 3: Kumi ya Vikombe, kichwa chini.

Mama alipoona ule upinde wa mvua na watoto wanaocheza hakungoja nieleze kitu. Alishika mikono yangu akasema, "Basi tumerudi." Nikashindwa kumwambia kwamba karata imepinduka. Hadi leo sijamwambia.

Mimi mwenyewe, Nne ya Fimbo na Kumi ya Vikombe zikitoka pamoja kwenye swali la harusi huwa nasema ndiyo bila kusita. Ila ile Tano ya Panga imekaa katikati yake kama mtu aliyeketi kati ya maharusi. Nisaidieni kuisoma kabla sijaongea na mama.

MotoMkali

Dada, hapo mbona pako wazi. Fimbo ni moto, vikombe ni maji. Moto na maji vikikaa meza moja kimoja kinamzima mwenzake. Kumi ya Vikombe imepinduka, maana yake maji yamemwagika juu ya moto. Harusi itavurugika. Na angalia pia kama ile Nne ya Fimbo haikuwa imepinduka kidogo, maana ikipinduka ni harusi kufutwa kabisa. Mwambie mama mapema ajiandae.

MamaPili

Mimi naomba niseme yaliyonipata, labda yatakusaidia. Niliwahi kujitolea karata hizi hizi mbili, zote zimesimama, zimefuatana. Wakati ule nilikuwa na mchumba wa muda mrefu. Swali langu lilikuwa "Mwaka huu utaniletea nini nyumbani?" Nikaona shada la maua, nikaona mume na mke na watoto, nikaamini naolewa. Nilianza hata kuwadokeza ndugu.

Mwaka ule tulihama. Wazazi wangu waliuza nyumba ya zamani, tukajenga nyingine, na siku ya kuingia ndugu wote walikuja, pamoja na shangazi ambaye nilikuwa sijamwona tangu utotoni. Tulikula, tukaimba, tukalala kumi chumba kimoja. Mchumba na mimi tuliachana baadaye mwaka huohuo. Kwa hiyo karata hazikunidanganya, ila mimi nilisoma picha nikaacha swali. Niliuliza juu ya nyumbani, nikajibiwa juu ya nyumbani.

KopaNyekundu

Samahani wakuu, nimechelewa kuelewa. Mimi natumia karata za kawaida, zile 52. Nimetoa Kumi ya Kopa na Nne ya Pau juu ya mtu aliyeniacha mwezi uliopita. Ina maana atarudi anioe?

MpangaKarata

UaLaJioni, nimesoma bandiko lako mara mbili. Ngoja nianze na wenzetu, kisha nije kwako, maana kwako pana mambo.

KopaNyekundu, hapa tunajadili harusi ambayo tarehe yake ipo tayari na familia iliyokosana. Swali lako ni lingine, lifungulie uzi wake tutakuja. Ila umegusa jambo ambalo wengi hawalijui. Majina yetu ya karata yalitoka kwa Wareno, na ndani yake bado yana picha za zamani: kopa ni vikombe, pau ni fimbo, shupaza ni panga, uru ni dhahabu. Kwa hiyo Kumi ya Kopa yako na Kumi ya Vikombe ya dada huyu ni ndugu wa damu. Ila ile ya kwako haina mtu, nyumba wala upinde juu yake. Mjadala wetu leo unategemea sana picha.

MotoMkali, habari ya moto na maji uko sawa nusu. Nitaiacha kwa atakayependa kuifafanua. Juu ya Nne ya Fimbo umekosea mara mbili. Kwanza, dada amesema imesimama, na hakuna karata "iliyopinduka kidogo". Pili, hata ingepinduka, Waite mwenyewe aliandika kwamba karata hii ikigeuka maana yake haibadiliki. Ni mojawapo ya karata chache zenye bahati hiyo. Wanaosema harusi imefutwa ni wa baadaye, na siwazuii kusoma hivyo, lakini usimtishe mama wa watu kwa hilo.

Sasa dada. Kosa lako la kwanza ni kuzichukulia karata hizi mbili kama mapacha. Zinafanana kwa furaha tu. Iweke Nne ya Fimbo mbele yako uiangalie kama hujawahi kuiona. Fimbo nne zimechomekwa ardhini, zimefungwa shada juu. Wale wawili waliovaa mataji na kuinua maua wako mbali, nyuma ya fimbo. Nyuma yao zaidi kuna daraja na jumba kubwa. Na mbele ya fimbo kuna nani? Hakuna mtu. Hapo ndipo umesimama wewe unayetazama. Karata nzima imechorwa kwa macho ya mtu anayefika, ambaye bado hajapita chini ya shada. Ndiyo maana mimi naisoma kama mlango na siku. Ni siku ya kukaribishwa, ina mwanzo na mwisho. Fimbo zile hazina ukuta wala paa, kesho zinang'olewa.

Kumi ya Vikombe ni kitu kingine. Humo hamna sherehe. Hakuna shada, hakuna mgeni. Kuna mume na mke wamekumbatiana, wameinua mikono kwenye upinde, wametupa mgongo. Watoto wanacheza na wala hawajauona huo upinde. Nyumba ipo mbali kidogo, ndogo, ya kawaida. Hiyo ni hali ya kila siku ya watu waliokwisha kupatana. Na upinde wa mvua hautoki bila mvua kunyesha kwanza, mimi hilo huwa silisahau kwenye maswali ya familia.

Kwa hiyo mama yako aliuliza maswali mawili ndani ya moja. Harusi itakuwaje, na je, tutarudi pamoja. Karata zimekuwa na adabu kuliko swali, zimeyatenganisha. Nafasi ya siku imepata karata ya siku. Sioni harusi kuvurugika. Naona mlango umefunguliwa na watu wanafika, na sitashangaa baba yako mdogo akiwa mmoja wao. Nafasi ya kitakachobaki imepata karata ya kudumu, lakini imepinduka. Na Waite alipoieleza ikiwa imepinduka hakuandika "furaha ndogo". Aliandika utulivu wa moyo wa uongo, akaongeza hasira.

Ni maneno makali lakini yanaeleweka ukitazama katikati. Tano ya Panga: mtu mmoja ana panga tatu mikononi, mbili ziko chini, wawili wanaondoka wamempa mgongo, mmoja ameinama. Ameshinda, amebaki na vyuma. Nyumba ya babu aliichukua nani?

UaLaJioni

Aliichukua baba.

Nimekaa na hilo swali lako kabla ya kujibu. Siku zote nimeisoma Tano ya Panga kana kwamba sisi ndio wale wawili tulioumizwa. Haikunijia kwamba baba anaweza kuwa yule mwenye panga.

MpangaKarata

Sisemi nani alikuwa na haki, karata hazina hati ya nyumba. Nasema nafasi ya pili uliita "kinachosimama katikati yetu", na kinachoonekana pale ni mtu ambaye bado ameshika panga wakati vita vimekwisha. Hatari ninayoiona ni hii. Siku ya harusi ina nguvu nyingi, kila mtu amependeza, mpiga picha yuko tayari, halafu mtu mwenye nia njema anawashika mikono wazee wawili na kuwasimamisha mbele ya wageni wakumbatiane. Watakumbatiana. Picha itapatikana, nzuri kabisa, kama Kumi ya Vikombe. Wageni wakiondoka imepinduka. Kuna mtu kwenye familia anayepanga kitu kama hicho?

UaLaJioni

Mama. Alishamwambia mshereheshaji awaite wote wawili mbele baada ya keki. Sikuandika hapo mwanzo kwa sababu sikuona kwamba linahusiana.

Darubini

Naingia na mimi, kwa sababu ile nusu ya MotoMkali inastahili kumaliziwa, na kwa sababu sikubaliani na MpangaKarata kwenye karata ya tatu.

Mimi sisomi karata zilizopinduka. Nikiona imegeuka naisimamisha. Nafuata njia ya Golden Dawn, ambao Waite na Pamela Smith walikuwa wanachama wao, na kwao nguvu au udhaifu wa karata unatokana na majirani zake. Ni kweli fimbo na vikombe ni moto na maji, na zikigusana zinadhoofishana. Lakini hapa hazigusani! Katikati kuna panga, na panga ni hewa. Hewa ni rafiki wa moto na ni rafiki wa maji pia. Kwa hiyo kwa hesabu ya majirani, Tano ya Panga ndiyo inayozishika hizi mbili zisizimane. Iondoe, utabaki na sherehe na familia ambazo hazina la kuambiana.

Hilo linanifanya nisome tofauti. Ugomvi huu si ukuta kati ya harusi na familia, ni njia ya kupitia. Huwezi kutoka Nne ya Fimbo kwenda Kumi ya Vikombe kwa kuuruka. Mtu akitaka kuwapatanisha bila kuutaja ule ugomvi, anaitoa karata ya katikati, na hapo ndipo kweli moto na maji vinazimana kama alivyosema MotoMkali.

Halafu tazameni sayari. Nne ya Fimbo kwao ni Zuhura ndani ya nyota ya Punda, na Punda ni nyumba ya Mirihi. Yaani yule wa mapenzi amealikwa kwa yule wa vita. Na Kumi ya Vikombe ni Mirihi ndani ya Samaki. Karata yenye amani kuliko zote kwenye vikombe imepewa sayari ya vita. Wazee wale hawakuwa wanabahatisha. Crowley, kwenye karata zake zilizopakwa rangi na Frieda Harris, aliipa Kumi ya Vikombe jina lenye maana ya shibe. Kikombe kimejaa hadi ukingoni, hakiongezeki tena. Kwa hiyo mimi ningemwambia mama: ndiyo, mtarudi, lakini si kwa siku moja, na mtarudi mkiwa mmechoka.

MotoMkali

Nimejifunza hapo kwenye hewa, nilikuwa sijui kwamba lazima zigusane. Lakini hizo nyota si zina tarehe? Nimewahi kusoma kwamba kila karata ndogo ina siku zake kumi. Labda zinatuambia ni lini watapatana.

Darubini

Zina tarehe, ndiyo. Kumi ya Vikombe ni siku kumi za mwisho za Samaki, takriban tarehe 11 hadi 20 Machi. Nne ya Fimbo ni siku kumi za mwisho za Punda, takriban 11 hadi 20 Aprili. Lakini mimi sizitumii pale ambapo tarehe ya jambo inajulikana. Harusi ina siku yake tayari. Na kama ungeulizia upatanisho kwa tarehe hizo, ungeona Machi inatangulia Aprili, yaani familia kabla ya sherehe, kinyume cha nafasi alizozipanga dada. Kila mtu angechagua anachotaka kuamini.

MpangaKarata

Darubini, hoja ya hewa naipokea yote, na nasikitika sikuiona mimi. Kwenye karata iliyopinduka tutabaki tulipo. Dada alichanganya karata kwa njia inayoruhusu kugeuka, akaipokea imegeuka. Ukiisimamisha baada ya kuiona, umebadilisha jibu. Wewe unazisimamisha kabla ya kupanga, ni sawa, ni mkataba wako na karata zako. Huu ni mkataba wa dada.

Darubini

Basi dada atuambie mwenyewe. UaLaJioni, huwa unazigeuza makusudi unapochanganya?

UaLaJioni

Huwa nazimwaga mezani na kuzikoroga kwa viganja, kwa hiyo zinageuka zenyewe. Na huwa nasoma zilizogeuka. Sitaki kuikwepa hii kwa sababu tu inaniuma.

Nilitaka kuvuta karata ya nne ya kufafanua Kumi ya Vikombe. Nivute?

MpangaKarata

Usivute. Karata ya kufafanua huvutwa pale usipoielewa karata. Hii umeielewa, ila huipendi. Ukivuta ya nne ikaja mbaya utavuta ya tano, na ukipata nzuri utaishika hiyo na kusahau zingine. Nimeona watu wakimaliza nusu ya karata 78 kwa swali moja.

Fanya hivi. Funga mpangilio huu, uandike, uweke tarehe. Ukitulia, uliza swali jipya ambalo linaweza kujibiwa kwa tendo. Usiulize "je, watapatana", kwa sababu hapo unawauliza watu wawili ambao hawapo mezani. Uliza "ni nini kifanyike kabla ya siku ile ili ile panga ishuke?" Karata moja tu. Na aliyeuliza mwanzo ni mama, kwa hiyo awepo.

MamaPili

Na mwambie ukweli kuhusu ile iliyopinduka kabla hujavuta hiyo moja. Mimi mama yangu alinificha jambo la namna hiyo akidhani ananilinda, nikajua baadaye kutoka kwa mtu mwingine. Iliniuma zaidi.

UaLaJioni

Nimerudi. Nimekaa na mama jana jioni. Nilimwonyesha karata zote tatu tena, nikamgeuzia Kumi ya Vikombe ilivyokuwa. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo nimeliandika: "Nilijua imepinduka. Nilikuona ulivyoishika." Alikuwa ameiona siku ileile.

Nilimweleza habari ya mlango na habari ya hewa. Ile ya mshereheshaji kuwaita mbele hakuikubali mara moja. Alisema, wasipokumbatiana siku ile hawatakumbatiana tena, umri umekwenda. Sikubishana naye. Tukauliza swali la pili pamoja, karata moja, yeye akikata.

Sita ya Vikombe, imesimama.

Darubini

Mtoto mkubwa anampa mdogo kikombe chenye ua. Mkubwa na mdogo, dada! Baba na baba mdogo.

MpangaKarata

Na pale nyuma kuna mtu mwenye mkuki anatembea kuondoka. Silaha ipo kwenye karata hii pia, lakini inakwenda zake.

Naisoma hivi: kitu kidogo, cha zamani, kitoke kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, kabla ya siku, pasipo watu. Sita ya Vikombe ni karata ya utoto, haibebi majadiliano ya nyumba. Nyumba itakuja baadaye au haitakuja. Kuna kitu gani ambacho wale wawili walikuwa nacho wakiwa watoto?

MotoMkali, kabla hujaniambia ni vikombe tena juu ya moto: hii imevutwa kwa swali lake, haina jirani.

MotoMkali

Nilikuwa nimeshaanza kuandika hivyo, mkuu. Nimefuta.

UaLaJioni

Mama anasema kuna redio. Walipokuwa wadogo walinunua redio moja kwa kuchanga, wakagombania nani ailaze chumbani kwake, babu akaamua iwe wiki kwa wiki. Redio hiyo iko kwetu, haifanyi kazi tangu nijitambue. Iko juu ya kabati la baba. Nilikuwa sijui ni ya wote wawili.

Sijui kama baba atakubali. Nitamwambia ni mama aliyesema, si karata, kwa sababu baba hapendi mambo haya.

MamaPili

Mwambie tu ni mama. Ni kweli pia.

UaLaJioni

Wakuu, harusi ilikuwa juzi Jumamosi. Niliahidi nitarudi, nimerudi.

Baba hakupeleka redio mwenyewe. Aliishika siku kadhaa, akaipeleka kwa fundi, ikapona upande mmoja tu, inashika stesheni mbili. Kisha akampa bibi harusi aipeleke pamoja na kadi ya mwaliko. Ndani alikuwa ameandika kwenye karatasi: "Wiki yako." Hakuandika kitu kingine.

Mama alimwambia mshereheshaji aache ule mpango wa kuwaita mbele. Alifanya hivyo asubuhi ya siku yenyewe, nilikuwepo.

Baba mdogo alikuja. Alichelewa. Mlangoni kulikuwa na lile pambo la maua la kuingilia, na alisimama pale nje yake muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana, akitazama ndani. Niliikumbuka karata, ile sehemu ya mbele isiyo na mtu. Aliyemfuata ni bibi harusi. Alimshika mkono wakaingia. Alikaa meza za nyuma. Baba alimwona, akainua mkono, naye akainua. Baadaye nilimwona baba amepita karibu na meza yake, wakapeana mikono, wakasema maneno ambayo sikuyasikia, labda dakika moja. Kabla ya picha za familia baba mdogo alikuwa ameondoka. Kwenye picha hayupo.

Mama alilia usiku, lakini siwezi kusema alilia kwa huzuni. Na mimi sijui niandike nini kwenye daftari mbele ya karata ya tatu. Siku yenyewe nimeiandika imetimia. Ya pili nimeandika panga zimeshuka, sijui ngapi.

Darubini

Ya tatu andika imesimama. Redio imekwenda, ikapokelewa, mtu akaja. Ingekuwa moyo wa uongo angesimama kwenye picha.

MpangaKarata

Mimi ningeiacha wazi. Uliiita "kitakachobaki wageni wakishaondoka", na wageni wameondoka juzi tu. Kutokuwepo kwenye picha naona ni kheri, hakuna aliyelazimishwa, na ile tafsiri ya utulivu wa uongo tumeikwepa kwa sababu mama alibadilisha mpango. Lakini karata iliyopinduka kukwepwa si sawa na karata iliyosimama. Hapo ndipo mimi na Darubini hatutakutana.

Nikuulize jambo moja. Ile wiki imekwisha?

UaLaJioni

Aliipokea siku tisa zilizopita. Kwa hesabu ya babu ingekuwa imesharudi.

Bado haijarudi. Baba hajaiulizia, ila leo asubuhi nimemkuta amefuta vumbi juu ya kabati, pale ilipokuwa inakaa.